Spidi, Nafasi na Saa ya Kufika: Mafunzo Niliyopata Nikiongoza Misafara ya Mazishi Karagwe na Kyerwa

Watu wengi wa Karagwe na Kyerwa wanaofariki Bukoba, Mwanza au Dar es Salaam hurudishwa kuzikwa kwenye kibanja cha ukoo, kando ya migomba waliyokulia. Ndiyo maana karibu kila familia huku kwetu hupanga msafara siku moja au nyingine: gari la mwili, Kosta ya waombolezaji, Noah za ndugu, pikapu ya turubai na viti. Mimi ni dereva wa siku nyingi, na kwenye ukoo wetu na kwa majirani nimezoea kupewa gari la mbele. Anayekaa gari hilo ndiye anayezungumza na madereva kabla ya kuondoka, na mambo anayopaswa kuwaambia ni matatu: tutakwenda mwendo gani, tutaachiana nafasi kiasi gani, na tutafika saa ngapi. Mengine yote yanatoka kwenye hayo matatu.

Nitaeleza kwa kutumia msafara mmoja. Ulikuwa wa magari 14, kutoka Bukoba mjini hadi nyumbani kwa marehemu upande wa Kyerwa. Njia yetu ilikuwa na vipande vitatu. Bukoba hadi Kyaka ni kilomita 50 hivi za lami. Kyaka hadi Omurushaka ni kama kilomita 60, lami vilevile, ila ni milima na kona. Kisha Omurushaka hadi Kyerwa kupitia Nkwenda, kilomita 50 hivi, ambazo siku ile zilikuwa changarawe na udongo mwekundu. Jumla kilomita 160. Ibada nyumbani ilipangwa kuanza saa nane mchana.

1. Spidi ya msafara ni ya gari lililo zito kuliko yote

Madereva wakikusanyika, anayezungumza kwanza ni yule mwenye gari jipya na jepesi. Atasema twende 80, barabara ni nzuri. Ukimkubalia, msafara umeshakatika kabla haujaondoka, kwa sababu Kosta iliyojaa watu na mizigo haiwezi kumfuata mlimani. Siku hizi huanza na dereva wa gari zito. Namuuliza swali moja: ukiwa umejaza namna hii, mlima wa kutoka Kyaka unaupanda kwa gia gani? Wa msafara ule alinijibu bila kusita: "Gia ya pili, mzee, na spidi 30. Zaidi ya hapo injini itachemka." Jibu hilo lilitupa mwendo wetu wa milimani.

Kwenye tambarare ya lami tulikubaliana 60, na ndani ya makazi isizidi 50. Hiyo 50 haikutokana na makubaliano yetu. Ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na kwa magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha 80 hata nje ya makazi. Jeneza halimpi dereva ruhusa ya kuvuka mipaka hiyo, wala halimpi haki ya kupita mbele ya wengine njia panda. Asipokuwepo trafiki wa kuwasimamisha watu, msafara ni magari ya kawaida yaliyofuatana. Huwa nawakumbusha madereva jambo hilo waziwazi, maana wapo wanaoamini kwamba taa zikiwashwa mchana barabara yote imekuwa yao.

Kwenye changarawe tulikubaliana 40. Dereva anayeijua barabara ile anaweza kwenda 60 peke yake, lakini akifuatwa na magari 13 ndani ya vumbi lake, 60 ni hatari kwa wote walio nyuma.

Spidi ikishajulikana, mpangilio unakuja wenyewe. Mbele gari langu. Nyuma yangu gari la mwili. Nyuma ya gari la mwili ile Kosta nzito. Magari mepesi yanafuata, na mwisho kabisa gari la mkia. Gari zito likikaa karibu na mbele, naliona kwenye kioo na mguu wangu unalifuata. Likikaa nyuma, linaachwa polepole bila mtu kujua, na dereva wake anapoona ameachwa huanza kukimbiza kwenye miteremko ili awafikie wenzake. Dalili ya kosa hilo ni rahisi kuijua. Kwenye kituo cha kwanza, gari la mwisho linafika breki zikinuka moto.

2. Saa ya kufika haitoki kwenye spidi mliyokubaliana

Hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Wanasema kilomita 160 kwa spidi 60 ni saa mbili na dakika arobaini, wanamwambia padri au mchungaji, wapishi wanabandika masufuria, na watu wanakaa chini ya turubai kwa saa tatu wakitazama barabara. Spidi 60 ndiyo ya juu ambayo msafara unaruhusiwa kufika, si wastani wa safari nzima. Kila tuta, kila kona, kila kundi la ng'ombe na kila senta yenye bodaboda inapunguza wastani huo.

Hesabu ninayoifanya huenda kipande kwa kipande. Kwa msafara wa magari zaidi ya kumi, nimeona kwamba kwenye lami ya kawaida wastani ni chini kidogo ya robo tatu ya spidi mliyokubaliana, na milimani au kwenye changarawe unakaribia theluthi mbili. Kwa hiyo Bukoba hadi Kyaka, kwa spidi 60, nilihesabu wastani wa kama 43, yaani saa moja na dakika kumi. Kyaka hadi Omurushaka nilihesabu wastani wa 42, saa moja na dakika ishirini na tano, kwa sababu sehemu kubwa ya lami ile ni nzuri na mlima wenyewe hauchukui njia yote. Changarawe, kwa spidi 40, nilihesabu wastani wa 27, saa moja na dakika hamsini. Muda wa magurudumu kuzunguka ulikuwa saa nne na dakika ishirini na tano.

Juu yake nikaongeza vituo. Dakika 15 Kyaka, watu wanyooshe miguu na wajisaidie. Dakika 30 Omurushaka, kwa mafuta, kwa ndugu wanaoungana nasi, na kwa kuhesabu magari upya kabla ya kuingia kwenye udongo. Tukawa na saa tano na dakika kumi. Tukiondoka saa mbili asubuhi, tunafika saa saba na dakika kumi mchana. Mwisho nikaongeza nusu saa ya akiba, kwa ajili ya pancha moja au mvua moja.

Kwa hiyo nyumbani sikuwapa saa moja ya kufika. Niliwapa mbili: mapema kabisa saa saba na dakika kumi, na tukichelewa kiasi cha kawaida, saa nane kasoro dakika ishirini. Anayepika anashika ya kwanza, anayeongoza ibada anashika ya pili. Tangu nianze kutoa saa kwa namna hiyo, zile simu za kila dakika tano za "mmefika wapi?" zimepungua, na dereva hahitaji kushika simu akiwa kwenye usukani.

3. Nafasi kati ya magari ihesabiwe kwa sekunde

Ukimwambia dereva aache mita 50, mmoja ataacha 20 na mwingine 100, na wote wawili watakuapia kwamba ni 50. Kwenye gari linalotembea, jicho halipimi mita. Lakini kila mtu anaweza kuhesabu. Nawaambia hivi: chagua nguzo ya umeme au kalvati. Gari la mbele yako likiipita, anza kusema kwa mwendo wa kawaida, "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu." Ukiifikia kabla hujamaliza, umekaribia mno.

Sekunde tatu zinatosha kwenye lami kavu. Kwa spidi 60 gari linatembea karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni mita 50. Uzuri wa kuhesabu ni kwamba mkipunguza mwendo nafasi nayo inajipunguza, na mkiongeza inajiongeza, bila kiongozi kutoa agizo jipya. Magari 14 yakifuatana kwa nafasi hiyo bila kugawanywa makundi, msafara wa lami unakuwa na urefu wa kama robo tatu ya kilomita.

Kwenye changarawe kavu sekunde tatu ni balaa. Vumbi la barabara zetu ni jepesi na linakaa hewani, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati mvua imekatika. Dereva aliye sekunde tatu nyuma haoni shimo, haoni mtoto, na haoni kwamba wa mbele amesimama. Tunaacha sekunde kumi, na kanuni juu yake ni moja: lazima uone magurudumu ya nyuma ya gari lililo mbele yako yakigusa barabara. Ukiona taa zake tu zikielea ndani ya wingu, ongeza nafasi mpaka uyaone. Kwa spidi 40, sekunde kumi ni mita 110, na msafara uleule unafika kilomita moja na nusu. Kwa anayeutazama kutoka kilima cha mbali unaonekana kama umetawanyika, na wapo ndugu wanaonung'unika kwamba hatuendi pamoja. Ninawaeleza mapema kwamba kwenda pamoja ni kufika wote.

Mvua ikinyesha, kanuni inabadilika tena. Udongo ule mwekundu ukilowa unateleza, na kwenye mteremko gari linaweza kushuka lenyewe hata magurudumu yakiwa yamefungwa breki. Hapo hatuhesabu sekunde. Gari moja linashuka mpaka bondeni na kuanza kupanda upande wa pili, ndipo linalofuata linaanza kushuka, kwa gia nzito na mguu mbali na breki. Ni polepole, lakini likiteleza moja halikuti jingine chini yake.

Kuna jambo dogo la taa ambalo nalisema kila safari. Tunawasha taa kubwa zikiwa zimeinamishwa, hatuwashi zile zote nne za tahadhari. Kwenye magari mengi, taa nne zikiwa zinawaka pamoja indiketa haionekani, na wa nyuma yako hajui kama unakata kushoto au kulia. Kwenye njia panda ndipo utakapojua gharama yake.

4. Ukishavuka tuta, usiongeze mwendo mpaka mkia uvuke

Dereva wa mbele anaweza kushika 60 yake kwa uaminifu kabisa na bado akamlazimisha wa nyuma kwenda 90. Hilo hutokea kwenye matuta ya senta, na ukitaka kulielewa lifuatilie gari moja moja.

Gari la mbele linafika kwenye tuta, linashuka hadi 20, linavuka, halafu linarudi 60. Wakati huo la pili ndilo linapanda tuta. Kila gari linachukua kama sekunde sita kuvuka na kuanza kuchanganya, kwa sababu hakuna anayeweza kupanda tuta kabla wa mbele yake hajashuka. Kwa magari 14 yasiyogawanywa makundi, la mwisho linavuka karibu sekunde 80 baada ya la kwanza. Kwa sekunde 80 za spidi 60, gari la mbele limekwenda kilomita moja na robo na zaidi. Mkia uliokuwa robo tatu ya kilomita nyuma sasa uko karibu mara mbili ya hapo, na dereva wake haoni mwenzake yeyote mbele. Atafanya nini? Atakanyaga mafuta. Senta inayofuata ina matuta mengine, na pengo linakua tena.

Dawa iko kwenye mguu wa kiongozi. Nikishavuka tuta la mwisho la senta, nabaki kwenye 40 mpaka msaidizi wangu apigiwe simu na aliyekaa kando ya dereva wa gari la mkia, aseme neno moja: "Tumetoka." Ndipo naanza kuongeza, nayo naongeza taratibu. Pasipo na mtandao nahesabu dakika moja na nusu kwenye saa. Kwenye milima kanuni ni ileile: nikifika kileleni sikimbilii mteremko, nasubiri Kosta imalize kupanda.

Ukitaka kujua kama kiongozi anaifanya kazi hii vizuri, muulize dereva wa mkia kwenye kituo cha kwanza alifika spidi ya juu kiasi gani. Akisema 65, mambo yako sawa. Akisema 85, tatizo liko mbele, hata kama la mbele halikuzidi 60 hata mara moja.

5. Msafara mrefu ukatwe makundi, na kila gari lilinde la nyuma yake

Magari 14 yakifuatana bila pengo hayawezi kupitwa. Basi la abiria linalotoka Bukoba likitukuta, dereva wake atajaribu kupita gari moja moja kwenye kona, na atakapokutana uso kwa uso na lori la kahawa atajipenyeza katikati yetu. Tangu nilipoanza kugawa msafara hali hiyo imepungua sana. Siku ile tulikuwa na makundi matatu: matano, matano na manne. Ndani ya kundi ni sekunde tatu. Kati ya kundi na kundi ni dakika moja, ambayo kwa spidi 60 ni kilomita moja. Anayetaka kupita anapita kundi, anapumzika kwenye pengo, anapita jingine. Na sisi hatushindani naye. Anayepenya tunampa nafasi na tunaanza kuhesabu upya nyuma yake.

Ukishakata makundi, njia panda zinahitaji ulinzi, na kwenye safari yetu zilikuwa mbili za kuogopwa. Ya kwanza ni Kyaka. Asiyeijua njia akipitiliza hapo anavuka daraja la Mto Kagera, lile ambalo majeshi ya Idi Amin yalilibomoa mwaka 1978, na anaendelea kuelekea Mutukula, mpakani na Uganda. Ya pili ni Omurushaka, ambapo njia moja inakwenda Nkwenda na Kyerwa, na nyingine inashuka kuelekea Kasulo na Benaco wilayani Ngara. Anayepotelea njia hiyo ya pili anaweza kwenda mbali kabla hajashtuka, kwa sababu naye anategemea kukuta milima na migomba, na huko vipo.

Kanuni yetu ya njia panda ni hii: kabla hujakata kona, tazama kioo. Kama gari la nyuma yako halionekani, simama pembeni mahali pa usalama, washa indiketa ya upande tunakokwenda, msubiri mpaka akuone. Akishakuona, endelea. Yeye naye anamsubiri wa nyuma yake. Hakuna haja ya mtu mmoja kusimama njia panda na kupunga kitambaa kwa nusu saa. Kila dereva ana mtu mmoja tu wa kumwangalia.

Gari la mkia halipewi mtu yeyote aliyebaki. Linapewa dereva mzoefu anayeijua barabara, likiwa na jeki, spana ya magurudumu, kamba ya kuvuta, pampu na maji. Sheria yake ni kwamba halimpiti mwenzake aliyeharibikiwa. Wengine wote wanaendelea mpaka kituo kilichopangwa. Msafara mzima ukisimama kwenye kona kwa ajili ya pancha moja, umeongeza hatari mara kumi na nne.

6. Saa ya safari iwe moja, na simu ya mpakani isiaminiwe

Karagwe na Kyerwa zinapakana na Rwanda, na Kyerwa inagusa Uganda pia kule Murongo. Mtandao haujui mpaka. Ukiwa juu ya kilima kinachotazama bonde la Mto Kagera, simu inaweza kushika mnara wa Rwanda. Saa ya Uganda ni sawa na yetu, lakini Rwanda iko saa moja nyuma yetu. Simu iliyowekwa kujirekebisha saa yenyewe inarudi nyuma kimyakimya. Mwenye simu anaangalia, anaona saa sita na nusu, kumbe ni saa saba na nusu.

Nimewahi kumkuta mpishi mkuu wa msiba akiwa ametulia kabisa, kuni hazijawashwa, kwa sababu simu yake ilimwambia bado ana saa nzima. Hakuwa mzembe. Kijiji kile kinatazamana na Rwanda. Tangu siku hiyo, ninapotoa saa ya kufika huitaja kwa saa yangu ya mkononi, na nawaomba madereva pamoja na mtu wetu wa nyumbani wazime urekebishaji wa saa kwenye simu zao, tulinganishe kabla hatujaondoka. Kushika mnara wa ng'ambo kunakula salio pia, na aliyeishiwa salio hawezi kupiga simu ya "Tumetoka." Kwa hiyo simu ya gari la mkia tunaiweka ichague mtandao wa nyumbani kwa mkono.

Jua nalo lina saa yake. Huku kwetu magharibi ya nchi linazama karibu saa moja jioni, baadaye kuliko Dar es Salaam. Ndugu wanaotoka Pwani huwa na wasiwasi wa giza mapema mno. Nawahakikishia kwamba tukifika saa tisa bado kuna mwanga wa kutosha wa kuzika kwa heshima, na wasiwasi wao nauondoa asubuhi, usije ukageuka kuwa shinikizo la kuongeza spidi mchana.

7. Maelekezo ni ya madereva peke yao, na yawe mafupi

Maelekezo yakitolewa mbele ya waombolezaji wote, kila shangazi na kila mjomba ana la kuongeza, na dereva anaondoka na spidi tano kichwani. Mimi nawaita madereva na wasaidizi wao kando, dakika kumi kabla ya kuondoka, funguo zikiwa mkononi. Siku ile nilisema hivi, karibu neno kwa neno:

"Ndugu zangu, poleni na msiba. Tuko magari 14, makundi matatu, kila mmoja ameshaonyeshwa nafasi yake, haibadiliki mpaka Kyaka. Lami 60, makazi 50, mlimani tunaifuata Kosta. Nafasi sekunde tatu. Tukifika Omurushaka tunasimama tena, nitawapa maelekezo ya vumbi au ya tope, kutegemea tutakavyoikuta barabara. Kabla ya kukata kona tazama kioo. Ukiharibikiwa, weka pembeni, mkia atakukuta. Usimpite mwenzako wa msafara hata akikupa ishara. Kyaka saa tatu na dakika kumi, Omurushaka saa tano kasoro dakika kumi, nyumbani kati ya saa saba na dakika kumi na saa nane kasoro ishirini. Kama kuna mtu hakulala usiku wa mkesha, aseme sasa tumpe msaidizi."

Halafu nachagua dereva mmoja, mara nyingi kijana, anirudishie. Akikosea nafasi au saa, tunarekebisha pale pale, na wengine wanasikia mara ya pili bila kujisikia wamefundishwa. Swali la mkesha ndilo lililonishangaza zaidi katika miaka yote hii. Karibu kila msafara, mtu mmoja anainua mkono, na asingeulizwa asingesema.

8. Mkichelewa, sogezeni ratiba, spidi iacheni

Msafara wetu uliondoka saa mbili na robo, kwa sababu makaratasi ya kutoa mwili yalichukua muda. Kyaka tulifika saa tatu na dakika ishirini na tano, tukaondoka saa nne kasoro ishirini. Katikati ya milima Noah moja ya kundi la mwisho ikapata pancha. Gari la mkia likabaki nayo, sisi tukaendelea, na tukaingia Omurushaka saa tano na dakika tano. Wenzetu walifika saa tano na nusu. Ile nusu saa ya kituo ilikuwa imeimeza pancha yote, na saa tano na dakika thelathini na tano tulikuwa tayari kuondoka, tukiwa nyuma ya ratiba kwa robo saa ileile ya asubuhi.

Lakini upande wa Nkwenda mawingu yalikuwa yameshuka, na waliotoka huko walisema mvua imeanza. Mmoja wa madereva vijana, mtoto wa kaka yangu, akanijia: "Baba mdogo, tukimbize kidogo kabla udongo haujalowa. Twende 50 badala ya 40." Nilikaa naye tukapiga hesabu juu ya boneti. Kwenye barabara ile, 50 ya kwenye dashibodi haikupi wastani wa zaidi ya 30, kwa sababu makorongo na kona havipungui. Kilomita 50 kwa wastani wa 27 ni dakika 110. Kwa wastani wa 30 ni dakika 100. Tungejihatarisha sote 14, na jeneza likirushwarushwa, kwa faida ya dakika kumi. Alinyamaza, akarudi kwenye gari lake.

Nikapiga simu nyumbani, nikamweleza mzee wa familia kwamba mvua itatuchelewesha, ibada isogezwe hadi saa nane na nusu, na waliochimba kaburi walifunike kwa turubai. Kisha nikawapa madereva maelekezo ya tope: 40 ndiyo mwisho, miteremkoni gari moja moja. Kipande kile kilituchukua saa mbili na dakika ishirini. Tulifika saa nane kasoro dakika tano, magari yote 14, robo saa nje ya muda niliowaahidi asubuhi, na zaidi ya nusu saa kabla ya ibada.

Simu ile ya Omurushaka ndiyo iliyoiokoa siku. Ukishaingia kwenye udongo, kiongozi hana tena la kufanya kuhusu saa ya kufika isipokuwa kuipokea. Kwa hiyo namwambia kila anayerithi kazi hii: mahali pa mwisho penye lami, simama, tazama mbingu, piga hesabu upya kwa barabara uliyonayo mbele, na uwape wa nyumbani saa mpya kabla hujawasha gari. Lami inavyozidi kujengwa kuelekea Kyerwa, mahali hapo patakuwa pakisogea, na hizo dakika 110 zangu zitapungua. Namna ya kuhesabu itabaki ileile.